Yohana wa kanisani, Mugisa wa benki

Tuseme mzee mmoja wa Boga ameuza kahawa na anakwenda benki Bunia kutoa pesa. Kadi yake ya mpiga kura inasema Mugisa ndilo jina, Bahati postinomu, Yohana prenomu. Siku ya kufungua konti aliweka sinyatire ya "Mugisa B." kwenye karatasi ya mfano ambayo benki ilihifadhi. Leo kwenye fomu ya kutoa pesa anaandika "Yohana M.", kwa kuwa ndivyo anavyoitwa kanisani. Karani anaweka karatasi mbili kando kwa kando, anatazama herufi ya kwanza na mkia wa mwisho, kisha anairudisha fomu.

Mkanganyiko huu una historia. Mwaka 1972 Mobutu alikataza majina ya Kikristo, postinomu ikashika nafasi yake. Wengi wakabaki na jina moja kwenye karatasi na jingine midomoni mwa watu.

Sinyatire si lazima isomeke. Kinachotakiwa ni ifanane na ile ya mfano, na jina lote liandikwe chini yake kama lilivyo kwenye kadi. Kwenye mkataba wa shamba, parafu ya kila ukurasa nayo ifuate mpangilio uleule: M.B.Y. kote, isigeuke Y.M. ukurasa wa tatu, maana hapo ndipo mgomvi atakaposema ukurasa ulibadilishwa.

Mkono ukianza kutetemeka kwa uzee, usijilazimishe kuiga sinyatire ya zamani. Nenda na kadi, uombe kujaza mfano mpya.