Mzee Anapokonda, Tumbo Lichunguzwe kwa Hatua

Msikilizaji, mtu wa miaka 65 na kuendelea anapokonda bila kukusudia, nyumbani husemwa ni uzee. Mizani haikubali. Baada ya miaka 70 mwili wenye afya hupungua, lakini ni kama gramu 100 hadi 200 tu kwa mwaka. Madaktari huanza kutafuta ugonjwa pale mtu anapopoteza asilimia 5 ya uzito wake ndani ya miezi 6 hadi 12. Kwa aliyekuwa na kilo 70, hizo ni kilo 3 na nusu. Asiyepima uzito atazame mkanda: umeingia matundu mangapi? Hoja yangu ni kwamba aliyefika hapo lazima achunguzwe, na achunguzwe kwa hatua, kila jibu likichagua kipimo kinachofuata. Hatari iko katika kuishia njiani.

Hatua ya kwanza ni maswali, na hapo pana mengi. Anayekula vizuri na bado anakonda huenda ana kisukari, au tezi ya shingo inafanya kazi kupita kiasi, au utumbo haufyonzi chakula. Asiyekula huenda ana meno mabovu, huzuni, au dawa inayomkata hamu, kama metfomini ya kisukari. Lakini akisema ugali na nyama vinamkwama kifuani, na sasa hata uji unapita kwa shida, huyo asiwekwe foleni ya vipimo vingine. Aende moja kwa moja kwenye endoskopi, kamera inayopitishwa mdomoni, kwa sababu saratani ya umio ni ya kawaida katika ukanda wetu wa Afrika Mashariki. Wengine waanze na picha kamili ya damu, sukari, ini, figo, tezi ya shingo, Virusi vya Ukimwi, choo, na eksirei ya kifua kutafuta kifua kikuu.

Tuchukue mfano wa kubuni. Baba wa miaka 68 ametoka kilo 70 hadi 63 kwa miezi 8. Anachoka, ila haumwi tumbo na choo chake hakina damu ya kuonekana. Vipimo vinaonyesha damu yake ni 8.5, chembe nyekundu ni ndogo, na akiba ya madini ya chuma imekwisha. Kwa mwanamume, au mwanamke aliyekoma hedhi, majibu hayo yanatoa swali moja: damu inavuja wapi tumboni? Anapigwa altrasaundi, nayo ni safi. Familia inashukuru na kurudi nyumbani na vidonge vya kuongeza damu. Hapa ndipo kosa hutokea. Altrasaundi huona vizuri ini, nyongo na figo, lakini haioni vyema ukuta wa ndani wa tumbo na utumbo, na hewa huweza kulificha kongosho. Akirudishwa hospitali, endoskopi inafuata na kukuta michubuko midogo ya tumbo, isiyotosha kueleza kilo 7. Basi utumbo mpana unasafishwa kwa dawa ya kuharisha, kamera inapitishwa kwa njia ya haja kubwa, na uvimbe unaonekana upande wa kulia, mwanzoni mwa utumbo huo. Uvimbe wa huko huvuja polepole, damu ikachanganyika na choo isionekane. Kinyama kidogo kinakatwa kwenda maabara, kisha siti skani inaonyesha kama umeenea.

Wapo watakaouliza: kwa nini asianze na siti skani, yaishe kwa siku moja? Kwa sababu uvimbe mdogo katika utumbo usiosafishwa huweza kuipita skani hiyo, na dawa ya mshipani inayotumika huweza kuumiza figo dhaifu. Wengine watasema gharama ni kubwa, apewe kwanza dawa za vidonda vya tumbo. Dawa hizo zinaweza kutuliza dalili za saratani changa na kuchelewesha kuigundua, na gharama ya kuchelewa ni kubwa zaidi. Zaidi ya hayo, hatua hizi huokoa fedha: tafiti zilizofuatilia wagonjwa ambao maelezo, damu, eksirei na altrasaundi vyote vilikuwa sawa zimekuta saratani kwa nadra sana baadaye. Mwenye majibu kama hayo hahitaji kamera mara moja. Apimwe uzito kila mwezi, aonwe tena baada ya miezi 3 hadi 6, na akiendelea kupungua uchunguzi uanze upya.

Kwa hiyo, unayemhudumia mzee, mpime uzito mwezi huu na uuandike. Akishapungua asilimia 5, mpeleke hospitali, na daktari akisema altrasaundi ni safi huku damu bado iko chini, usiondoke kabla ya kuuliza: kipimo kinachofuata ni kipi?