*HOTUBA YA MWENYEKITI WA TAWI YA KUMUAGA KATIBU WETU*

_Kwa wanachama ambao hawakuweza kufika ukumbini jana._

Ndugu viongozi wa Kata, ndugu wajumbe wa Kamati ya Tawi, ndugu mabalozi wa mashina, ndugu wanachama,

Leo tunamuaga Katibu wetu, aliyeomba kupumzika baada ya vipindi vinne. Mama watoto wake tunaye hapa. Mama, asante kwa kutuazima mzee, na poleni kwa Jumapili zote tulizomchukua.

Ndugu wanachama, mnakumbuka uchaguzi wa tawi uliopita. Wiki mbili kabla, Katibu alibandika orodha ya wapiga kura mlangoni mwa ofisi, akawaita mabalozi na kuisoma nao shina kwa shina. Waliofariki wakafutwa, waliohama wakawekewa alama. Kijana mmoja wa shina la tatu hakujiona kwenye orodha, na maneno yakaanza kuwa jina lake limekatwa makusudi kwa sababu ya mgombea anayemuunga mkono.

Katibu hakubishana. Alimwomba stakabadhi ya ada, akatazama namba yake, akafungua kitabu na kuikuta nakala ya kaboni yenye namba ileile na jina la kijana. Ada ilikuwa imepokelewa, ila haikuhamishiwa kwenye daftari. Jina likaandikwa mbele ya balozi wake, akapiga kura. Siku hiyohiyo alikuja shemeji yake Katibu, ambaye ada yake haikuwa na nakala kitabuni. Naye hakupiga kura. Baada ya hapo hakuna aliyekata rufaa.

Mzee wetu, ule utulivu wa tawi ulitokana na kitabu chako cha stakabadhi.

Sasa makabidhiano. Jana, mbele ya Kamati, tumepokea daftari la wanachama, vitabu vya stakabadhi vilivyotumika na visivyotumika, majalada ya mihtasari, mhuri na funguo mbili. Kila kitu kimehesabiwa na kusainiwa na pande zote mbili.

Lipo jambo moja ambalo fomu haina nafasi yake. Pembeni mwa daftari, kwa penseli, Katibu ameandika jina ambalo kila mwanachama anaitwa mtaani, kwa sababu balozi akiulizwa jina la kwenye kadi mara nyingi hamjui mtu. Katibu mpya, nakuomba usiifute penseli hiyo, na kila anayejiunga umwandikie.

Mzee wetu, kiti chako cha mstari wa mbele kipo. Njoo kama mwanachama, uulize maswali magumu kama ulivyotufundisha kuulizwa. Na ada yako ya mwaka huu tumeiona: stakabadhi ipo, na nakala ipo.

Nenda kapumzike, ndugu yetu.

*Mwenyekiti wa Tawi*