Mahindi ya Masika Yatufikishe Masika



Nimeombwa niseme machache juu ya mahindi. Chumbageni ni mjini, na wachache kati yetu wana shamba mlangoni. Lakini wengi tuna shamba la mzee Pongwe, Muheza au Maramba. Mahindi ya masika huvunwa Julai na Agosti, na mwezi huo kila mtu ana furaha. Ikifika Januari, kaskazi inavuma, simu inaita: "Mwanangu, gunia limebaki unga mtupu, tutumie hela ya mahindi." Mahindi uliyolipia kulima na kuvuna, unayanunua mara ya pili, tena kwa bei ya Januari. Hiyo simu ndiyo nataka tuizungumze.

Anayekula ni nani? Ni wadudu wawili. Wa kwanza ni fukusi, yule mwenye mdomo mrefu kama mkonga. Huyu tumezaliwa naye. Wa pili ni dumuzi, mgeni kutoka Amerika ya Kati, aliyeonekana nchini kwa mara ya kwanza upande wa Tabora karibu na mwaka 1980. Watu walimwita Skania. Ukiona mashimo na unga mwingi mweupe chini ya gunia, huyo ni dumuzi. Tanga tunasema waja leo waondoka leo, lakini yeye alikuja na hakuondoka.

Bibi zetu walitumia majivu. Yanafanya kazi, kwa sababu yanaziba nafasi kati ya punje na kukwaruza mafuta yaliyo juu ya ngozi ya mdudu, naye anakauka. Tatizo ni kipimo. Gunia la kilo 100 ni kama debe sita, na karibu asilimia 40 ya ujazo wake ni hewa iliyo kati ya punje. Ukitaka kuijaza hewa hiyo, unahitaji kama debe mbili na nusu za majivu makavu yaliyochekechwa, kwa gunia moja! Sisi tunatia kopo mbili tatu, halafu tunasema majivu ya siku hizi hayana nguvu. Na unyevu wa pwani ukiyapata, yanagandana. Kwa mbegu ya msimu ujao, debe moja au mbili kwenye mtungi, majivu yanafaa sana. Kwa magunia kumi ya chakula, hayo majivu utayatoa wapi?

Ikaja dawa ya unga. Mojawapo inayojulikana ni Actellic Super, na ndani yake mna dawa mbili, kwa sababu fukusi anaikumbatia moja na dumuzi anaikumbatia nyingine. Pirimifosi inamwua fukusi, pemetrini inamwua dumuzi. Kwa hiyo ukiuziwa dawa yenye kimoja tu, mdudu mmoja utamwacha. Kipimo ni gramu 100 kwa gunia la kilo 100. Pukuchua kwanza, mwaga mahindi kwenye turubai, nyunyiza, geuza kwa koleo mpaka kila punje iguswe. Kunyunyizia juu ya gunia lililokwisha kujazwa ni kupoteza fedha. Na joto letu linaichosha dawa kadiri miezi inavyokwenda, hivyo mahindi ya kufika masika yakaguliwe, na mara nyingi yatahitaji kutiwa tena. Soma karatasi ya pakiti, angalia tarehe, na muda wa kusubiri kabla ya kula uheshimiwe.

Njia ya tatu ni mfuko usiopitisha hewa. Unaojulikana sana ni PICS, na unatengenezwa hapa hapa Tanga, katika kiwanda cha Pee Pee Tanzania. Una nailoni mbili nzito ndani na kiroba cha kawaida nje. Hauna dawa. Punje na wadudu wanapumua, hewa safi inakwisha, na mdudu anaacha kula. Mdudu wa nafaka kavu hanywi maji, anajitengenezea maji mwilini kutokana na chakula chake, na kazi hiyo inahitaji hewa. Ikikosekana, anakufa kwa kiu.

Sasa niwaambie kosa letu. Mwaka wa kwanza nilimpelekea shangazi yangu mifuko minne. Alijaza yote vizuri. Lakini kila Ijumaa alifungua mfuko wowote ulio karibu, akachota kibaba chake, akaukunja mdomo na kuweka tofali juu. Kufika Desemba, mifuko mitatu ilikuwa na fukusi. Ule wa nne, uliokuwa nyuma kabisa, haukuwahi kuguswa, na mahindi yake yalikuwa kama ya siku ya kwanza. Mfuko haukuwa na kosa. Kila ukifunguliwa, wadudu walipewa pumzi mpya.

Mwaka uliofuata tulibadilisha utaratibu. Mahindi ya kula Agosti hadi Oktoba aliyaweka kwenye kiroba cha kawaida. Mifuko ilifungwa na kuachwa, ikafunguliwa mmoja mmoja, na haufunguliwi wa pili mpaka wa kwanza uishe. Akichota, anakamua hewa na kufunga upya. Kufunga ni hivi: acha mdomo wa nailoni ya ndani mrefu kama mkono hadi kiwiko, kandamiza hewa itoke, sokota, kunja mara mbili, funga kwa mpira au kamba. Kisha nailoni ya pili vivyo hivyo, mwisho kiroba. Weka juu ya mbao, mbali na ukuta na panya. Januari ile simu haikuita.

Jambo moja halina msamaha: mahindi yawe makavu. Mfuko unazuia unyevu kutoka kama unavyozuia hewa kuingia, na mahindi mabichi yataota ukungu humo. Sumukuvu si hadithi; mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Pima hivi: kaanga chumvi kidogo ikauke, iache ipoe, itie kwenye chupa kavu ya kioo pamoja na mahindi yanayofika theluthi ya chupa, tikisa, subiri robo saa. Chumvi ikigandia kwenye kioo, rudisha mahindi juani. Isipoganda, bado anika siku moja zaidi, kwa maana kipimo hiki hakioni unyevu mdogo.

Pia pepeta vipande vya magunzi, vinatoboa nailoni. Dumuzi naye anaweza kuitoboa, kwa hiyo usitie mahindi yaliyokwisha kushambuliwa sana. Kabla ya kuutumia tena msimu wa pili au wa tatu, jaza kila nailoni hewa, shika mdomo, bonyeza karibu na shavu. Ukihisi upepo, hiyo si ya chakula tena.

Basi ndugu zangu, mwaka huu badala ya kusubiri kutuma hela ya Januari, tumeni mifuko ya Julai. Na anayeipeleka akae siku moja, aonyeshe namna ya kufunga.