Hesabu Pumzi kwa Dakika Nzima: Kutambua Sepsisi Mapema Wodini

Yafuatayo ni mazungumzo ya muuguzi wa wodi ya wazazi kwa wauguzi na matabibu wenzake wa kaunti yetu, katika kikao cha mafunzo kazini. Tumeyachapisha kwa idhini yake. Aliwalenga wahudumu wa afya, lakini mkaazi yeyote anayemuuguza mtu atapata la kumfaa humu.

Wenzangu, nimekuja na saa ya mkononi tu leo, na kisa kimoja ambacho nimebadilisha mambo madogo ndani yake ili mwenyewe asitambulike. Kilitokea hospitali nyingine, nilipokuwa bado mgeni kazini.

Mama wa miaka 26, mimba ya kwanza, alijifungua kwa upasuaji. Jioni ya siku ya tatu, saa kumi na mbili, chati yake ilisoma hivi: joto 37.6, mapigo ya moyo 104, presha 110 kwa 70, pumzi 20 kwa dakika. Akapewa paracetamoli kwa maumivu ya tumbo. Saa nne usiku joto lilikuwa limeshuka hadi 36.9, nasi tukafurahi. Mapigo yalikuwa 118, presha 104 kwa 68, pumzi 20. Saa nane usiku mapigo 128, presha 98 kwa 60, pumzi bado 20.

Tazameni hiyo 20. Mara tatu, kwa muda wa saa nane, moyo unakimbia kuliko kabla na pumzi hazisogei hata kidogo. Mwili hauendi hivyo. Hiyo namba haikuhesabiwa, iliandikwa. Najua kwa sababu mara mbili kati ya hizo tatu niliiandika mimi.

Mama mkwe wake, aliyelala kwenye kiti kando ya kitanda, alituambia mapema usiku kwamba binti yake anahema kama mtu aliyetoka kupanda mlima. Tukamjibu ni kidonda kinauma. Mwanafunzi wa uuguzi alihesabu pumzi mwendo wa saa nne na nusu akapata 28. Alipotuambia, tukamfungia mgonjwa kile kipimo cha kidoleni, kikasema oksijeni ni asilimia 97, na jambo likaishia hapo.

Nataka nikae hapa kidogo, maana kosa hili tunalifanya sote. Kipimo cha kidoleni kinaeleza ni oksijeni kiasi gani imo katika damu. Hakielezi mgonjwa anafanya kazi kiasi gani ili kuipata, wala kwa nini anahema. Katika sepsisi, maambukizi huufanya mwili ujibu kwa namna inayodhuru viungo vyake wenyewe. Damu haifiki vizuri kwenye viungo, asidi inaanza kujikusanya, na mwili unajaribu kuitoa kwa kupumua upesi, kwani hewa chafu tunayotoa ni njia mojawapo ya kupunguza asidi. Kwa hiyo mtu anaweza kupumua mara 28 kwa dakika huku oksijeni yake ikiwa safi kabisa.

Presha nayo hutudanganya kwa njia nyingine. Kijana mwenye moyo imara hubana mishipa na kuongeza mapigo ili presha isianguke, na anaweza kuishikilia hivyo kwa saa nyingi. Ikianguka, huwa amechoka kushindana. Ndiyo maana mimi siitazami presha peke yake. Naiweka karibu na mapigo. Mapigo yakishapita namba ya juu ya presha, kama 118 dhidi ya 104 ile saa nne usiku, hapo pana jambo zito, hata kama kila namba ikisimama pekee haitishi sana. Kwa mama aliyejifungua, wasiwasi uanze hata kabla: mapigo yakifika tisa ya kumi ya presha ya juu. Rudini kwenye chati: 104 dhidi ya 110, saa kumi na mbili jioni. Dalili ilikuwepo kabla hata hatujawasha taa.

Na joto? Paracetamoli hushusha joto bila kugusa maambukizi. Tena wapo wagonjwa wa sepsisi ambao joto lao huwa chini ya kawaida, chini ya 36. Kukosa homa si cheti cha afya.

Sasa kuhesabu kwenyewe. Shika kifundo cha mkono kana kwamba unapima mapigo, uulaze mkono huo juu ya kifua cha mgonjwa, utazame na kuhisi kifua kikipanda. Usimwambie unahesabu pumzi, maana akijua atazibadilisha. Hesabu sekunde 60 kamili. Ukihesabu 15 na kuzidisha kwa nne, kosa la pumzi moja linakuwa kosa la nne. Kama anaongea, analia au ananyonyesha, subiri. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20. Kuanzia 22, rudia na umtafutie sababu. Ikifika 25 usiondoke hapo bila kumwita daktari. Wala tusisingizie ujauzito, kwa sababu mjamzito huvuta pumzi ya kina zaidi lakini idadi yake haipandi sana.

Ukiwa bado hapo, bonyeza ncha ya kidole chake kwa sekunde 10 hadi iwe nyeupe, uachie. Rangi ikichukua zaidi ya sekunde 3 kurudi, damu haifiki vizuri pembeni. Usiku tumieni tochi, na mkumbuke kwamba mkono wenye baridi huchelewesha rangi hata kwa mzima. Kisha muulize jina lake na alipo. Anayejibu taratibu mno, au amekuwa mkali ghafla, msimwite msumbufu.

Si kila anayehema ana sepsisi. Anaweza kuwa anavuja damu ndani, ana malaria kali, nimonia, au damu iliyoganda imeziba mapafu. Lakini katika hayo yote hakuna hata moja linalongoja asubuhi.

Mkimpigia daktari simu, msiseme “mgonjwa hayuko sawa.” Semeni: “Siku ya tatu baada ya upasuaji, pumzi 28, mapigo 118, presha 104, tumbo linauma zaidi ya jana. Nashuku sepsisi. Naomba uje.” Sepsisi ikionekana wazi, au presha ikiwa imeanguka, dozi ya kwanza ya antibiotiki iingie ndani ya saa moja. Damu ya kuotesha maabara ichukuliwe kwanza ikiwezekana, lakini isiwe sababu ya kuchelewa. Dripu itolewe kwa kipimo, mkisikiliza kifua kila mara. Kwa watoto ndiyo kabisa: utafiti uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania na kutangazwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba kumwaga maji mengi kwa haraka kuliongeza vifo kwa watoto wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu.

Mama yule, saa kumi na mbili asubuhi presha ilikuwa 82 kwa 50 na hakujua yuko wapi. Alirudishwa chumba cha upasuaji. Mfuko wa uzazi ulikuwa umeoza pale uliposhonwa, ukaondolewa. Aliishi. Mtoto wake wa kwanza ndiye wa mwisho.

Haya, kaeni wawili wawili. Mmoja amshike mwenzake mkono, anyamaze, atazame kifua. Saa yangu inaanza sasa, na sitaki kusikia namba yoyote kabla ya sekunde 60.