Friji Inapotekenya Mkono: Maneno kwa Wanachama wa Ijara

Leo tutasema juu ya jambo ambalo wengi wenu mnalijua kwa vidole kuliko kwa masikio. Mpishi wa hoteli anashika mlango wa friji asubuhi, sakafu ikiwa bado ina maji ya kupigia deki, na mkono unatekenywa kama umeguswa na upupu. Au mfuaji nguo anafungua bomba la chuma, akahisi vidole vinachezacheza. Huambiwa na wenzake, "Hiyo ni stima ndogo tu, vaa ndara." Naye huvaa ndara, asihisi tena, na mambo yakaisha hapo. Hayakuisha. Ndara zimeficha habari, stima bado ipo juu ya bati.

Yatupasa kwanza kujua mkono unapima nini. Stima ya miliampea 1 hivi ndiyo mtu huanza kuihisi. Ikifika 10, misuli ya mkono hukaza na wengine hawawezi kuachia walichoshika. Ikipita 30 na kukaa, hata kwa muda mfupi, moyo waweza kupoteza mapigo yake. Basi kati ya mtekenyo na mauti hakuna mwendo mrefu, na kinachoamua mara nyingi si friji, ni mtu mwenyewe: amevaa nini miguuni, mkono wake mkavu au majimaji, sakafu ni ya saruji iliyolowa au ni mkeka. Bati lile lile linalomtekenya mzee mwenye viatu laweza kumwangusha mtoto aliye pekupeku. Ndiyo maana mtoto akisema friji inamuuma, asikemewe. Yeye ndiye kipimo kizuri kuliko sisi.

Sasa stima hiyo hutoka wapi? Katika friji kuna namna mbili, nazo zapasa zitenganishwe.

Namna ya kwanza ni uvujaji mdogo wa kawaida. Mota ya friji na vifaa vyake vya ndani huwa karibu sana na bati la nje, na ingawa waya haugusi bati, stima kidogo hupenya, chini ya miliampea 1 au zaidi kidogo. Watengenezaji wanalijua hilo. Ndiyo sababu waliweka waya wa tatu, wenye rangi ya kijani na manjano, ambao mafundi huuita athi, ili kuichukua stima hiyo na kuipeleka ardhini. Athi ikiwa nzima hamhisi kitu. Mkihisi, maana yake ya kwanza ni hii: athi imekatika mahali.

Nayo hukatwa na sisi wenyewe mara nyingi. Friji nyingi za mitumba zilizotoka Ulaya huja na plagi ya miti miwili ya mviringo, na athi yake ni vipande vya chuma vilivyo ubavuni mwa plagi. Soketi zetu za Kenya ni za matundu matatu. Mtu huchukua kalamu ya biki, huitia katika tundu la juu ili vifuniko vifunguke, kisha husukuma plagi ya Ulaya ndani. Friji inawaka, barafu inaganda, maziwa ya ngamia hayaharibiki, na kila mmoja anafurahi. Lakini vile vyuma vya ubavuni havigusi chochote ndani ya soketi ile. Friji haina athi kabisa. Dawa yake ni kukata plagi hiyo na kufunga ya miti mitatu yenye fyuzi, na waya wa kijani na manjano ufungwe kwenye mti mrefu wa juu. Ni kazi ya robo saa kwa fundi.

Namna ya pili ni uharibifu wa kweli: panya ametafuna waya nyuma ya friji, au maji ya barafu yameingia kwenye hita ya kuyeyushia, au mota imechoka na waya wake wa ndani unagusa bati. Hapa stima haina kikomo cha miliampea 1. Leo inatekenya, kesho yaweza kuua. Kwa kugusa hamtajua ni namna ipi, wala ile tesita ya kalamu yenye taa nyekundu haisaidii, kwa kuwa huwaka kwa zote mbili. Fundi ndiye ajuaye la kufanya. Huunga balbu ya zamani ya waya, ya wati 25 hivi, kati ya bati la friji lililoachanishwa na athi, na athi iliyo nzima. Uvujaji wa kawaida hauna nguvu ya kuwasha balbu; volti juu ya bati huanguka mara moja karibu na sifuri. Balbu ikitoa mwanga hata hafifu, huo ni uharibifu, na friji isirudishwe kazini. Twasisitiza kwamba kipimo hiki ni cha fundi, kwa maana yuko karibu na stima ya volti 240 wakati wote.

Hapo tunafika kwenye jambo la Ijara hasa, nalo ni udongo. Athi ya nyumba huishia kwenye fimbo ya shaba au ya chuma kilichopakwa shaba iliyopigiliwa nje ya ukuta. Fimbo hiyo hutegemea unyevu. Wakati wa mvua za Gu ardhi imelowa na stima hupita vizuri. Ikija jilaal, Januari mpaka Machi, udongo umekauka mpaka chini, na fimbo ile ile yaweza kuwa na ukinzani mara nyingi zaidi.

Tuchukue mfano tuuhesabu pamoja. Tuseme duka moja la Masalani lina friji yenye uharibifu mdogo, waya wake unavuja kupitia ukinzani wa omu 2,300. Wakati wa mvua fimbo ina omu 100. Jumla ni 2,400. Gawanya volti 240 kwa 2,400, stima inayovuja ni ampea 0.1. Zidisha hiyo kwa omu 100 za fimbo, upate volti 10 juu ya bati la friji. Mwenye duka hahisi kitu. Jilaal inakuja na fimbo inafika omu 1,000. Jumla sasa ni 3,300, stima inavuja ampea 0.073 hivi, na bati linabeba volti 73. Friji haikubadilika hata kidogo, ila sasa inauma. Mwenye duka atasema imeharibika wiki hii, kumbe imeharibika tangu zamani na mvua ilikuwa inaficha.

Na je, fyuzi? Fyuzi ya plagi ni ya ampea 13, nayo haijali ampea 0.1. Hata waya wa moto ungegusa bati waziwazi, kwa fimbo ya omu 100 zingepita ampea 2.4 tu. Fyuzi haikatiki, bati linabaki na karibu volti 240, na dalili pekee ni tokeni kuisha upesi kwa namna isiyoeleweka. Kwa hiyo katika nchi kavu fyuzi na fimbo peke yake havitoshi. Inatakiwa swichi ya kukata stima inayovuja, ambayo juu yake huandikwa RCD na 30 mA. Swichi hiyo hulinganisha stima inayokwenda na inayorudi. Zikipishana kwa miliampea 30 hukata katika sehemu ndogo ya sekunde. Katika mfano wetu ingekata katika mvua na katika jilaal pia, maana miliampea 100 na 73 zote zimepita 30. Fimbo yenyewe bado ni wajibu: iwe ndefu, na ikibidi zipigiliwe mbili zilizoachana kwa urefu wa fimbo moja au zaidi, kisha ukinzani upimwe wakati wa kiangazi, si wakati wa mvua. Watu wengine humwaga chumvi pale. Husaidia kwa muda, kisha huoshwa na mvua na huila fimbo.

Tuje kwenye bomba. Bomba la chuma halina stima yake, limeazima mahali. Tazameni kwanza pampu ya maji na ile shawa ya umeme ya kupasha maji papo hapo, kwani katika nyingi za shawa hizo waya wa moto unaopasha umezama wazi ndani ya maji. Tazameni pia kama kuna fundi aliyefunga athi ya nyumba kwenye bomba badala ya fimbo. Bomba likiwa ni la plastiki chini ya ardhi, athi hiyo haiendi popote. Likiwa la chuma, uharibifu wa friji ya jirani huja mpaka kwenye bomba lako. Tena kuna ujanja mbaya kuliko wote, wa kuunganisha athi na niutro ndani ya soketi ili kuepuka kununua fimbo. Siku niutro inapokatika, kila bati la friji katika nyumba ile hubeba volti 240.

Basi mkitekenywa, fanyeni hivi. Msiguse mara ya pili kwa kuhakikisha. Vaeni viatu vikavu, kausheni mkono, zimeni swichi ya soketi kisha ng'oeni plagi. Swichi ikiwa imezuiwa na friji yenyewe, zimeni swichi kubwa. Wekeni mtu wa kuzuia watoto. Fundi mwenye leseni ya EPRA apime kwa voltimita kati ya bomba au bati na ardhi. Volti zikiondoka plagi ya friji inapotoka, ubaya ni wa friji na waya wake. Zikibaki mpaka swichi kubwa inapozimwa, ubaya uko kwenye pampu, shawa au waya wa ukutani. Zikibaki hata swichi kubwa ikiwa imezimwa, stima inatoka nje, kwa jirani au kwenye laini. Hapo msifungue maji kabisa. Pigeni simu Kenya Power kwa namba 97771, na wajulisheni majirani.

Kwa walio kazini, sheria ya usalama kazini ya mwaka 2007 yamtaka mfanyakazi aripoti hatari ya namna hii kwa msimamizi wake. Ripotini kwa maandishi, mkitaja siku, saa na chombo, nakala moja ibaki kwa mwakilishi wa chama. Swichi ya RCD ikiwapo, ibonyezwe kile kitufe chenye herufi T kila miezi mitatu, isipokata, ibadilishwe. Na kumbukeni kwamba kitufe hicho hupima swichi peke yake, hakipimi waya wa athi wala fimbo.