Njeo katika Barua Pepe ya Kikao: Lililotendeka, Lililobaki na Lililoahidiwa

Barua pepe inayosimulia kikao hubeba nyakati tatu kwa pamoja: siku ya kikao chenyewe, siku ya kuandikwa kwa barua, na siku ambapo ahadi inatarajiwa kutimizwa. Mwandishi wa barua huzijua zote tatu, kwa kuwa alikuwapo. Msomaji hana dira nyingine ila viambishi vya njeo, navyo vikichanganyika, ahadi inaweza kusomwa kama tendo lililokwisha.

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya mhadhara huu, lakini makosa yake ni ya kila siku. Katibu wa jopo la uhariri anawaandikia wenzake siku ya Alhamisi:

«Jumanne tumekutana ofisini kwa mhariri. Mhariri alieleza kasoro za mswada, na mwandishi amezikubali. Mwandishi alisema angerekebisha sura ya tatu kesho. Kuhusu gharama za picha hatukukubaliana. Jumatatu nitampelekea mhasibu hesabu akalipa.»

Kosa la kwanza ni jepesi. Kiambishi -me- huonyesha tendo ambalo matokeo yake yangalipo wakati wa kusema. Siku iliyotajwa na kupita huhitaji -li-. Katika mazungumzo «jana amekuja» husikika sana, wala hapana haja ya kumkemea msemaji. Katika maandishi rasmi, hata hivyo, «Jumanne tulikutana» ndiyo sentensi inayoweka msingi wa masimulizi, na -ka- huegemea msingi huo: «mhariri alieleza kasoro za mswada, na mwandishi akazikubali». Hata hivyo, «amezikubali» si kosa daima. Iwapo katibu anakusudia kusema kwamba mwandishi bado ameshikilia kauli hiyo hadi leo, -me- ibaki, ila ipewe sentensi yake mbali na mfuatano wa matukio.

«Angerekebisha» ni kivuli cha Kiingereza. Katika lugha hiyo, ahadi iliyotolewa zamani inaporipotiwa, kitenzi chake hurudishwa nyuma, na umbo linalotumika hufanana na la masharti. Mfasiri wa haraka hulichukua umbo hilo na kulivisha -nge-. Kiswahili hakirudishi njeo nyuma kwa namna hiyo: aliyesema «nitarekebisha» huripotiwa kuwa «alisema kuwa atarekebisha». Kwa Kiswahili, -nge- huacha sharti likining'inia, na msomaji hujiuliza: angerekebisha lau nini? Ahadi ya wazi imekuwa udhuru.

Lakini -ta- hiyo huhesabiwa tangu kikao, si tangu barua. Hapo neno «kesho» linaleta tatizo ambalo sarufi peke yake haiwezi kulitatua. Lilitamkwa Jumanne, kwa hiyo ni Jumatano. Msomaji wa Alhamisi atadhani ni Ijumaa. Mhariri wa barua hana budi kumwuliza katibu, kisha aandike jina la siku.

Kosa zito zaidi limo katika ukanushi, na huwapita wengi kwa sababu «hatukukubaliana» ni umbo sahihi kabisa. Ellen Contini-Morava aliliandikia suala la ukanushi na njeo, kwa kurejelea hasa Kiswahili, kitabu kizima kilichotoka mwaka 1989. Wala si ajabu, kwani tofauti ya -ku- na -ja- haimo katika wakati tu. «Hatukukubaliana» hueleza kikao kilivyokwisha. «Hatujakubaliana» husema kwamba makubaliano hayapo mpaka sasa, lakini mlango u wazi. Mchoraji wa picha akisoma la kwanza, anaweza kuipeleka kazi yake kwingine. Akisoma la pili, atasubiri kikao kijacho. Katibu alikusudia la pili.

Sentensi ya mwisho inaitumia -ka- baada ya -ta-. Katika masimulizi -ka- imezoeleka kufuata -li-, kwa hiyo jicho linalopitia haraka huona «akalipa» na kudhani fedha zimekwisha kutoka. Hapa panahitajika dhamiri tegemezi, kwa kuwa malipo ni lengo la kupeleka hesabu, nayo «Jumatatu» iongezewe «ijayo».

Katibu alipoulizwa kuhusu «kesho», alithibitisha kwamba ni Jumatano, akaongeza kwamba sura haijaonekana. Barua ikawa hivi:

«Jumanne tulikutana ofisini kwa mhariri. Mhariri alieleza kasoro za mswada, na mwandishi akazikubali. Mwandishi alisema kuwa atarekebisha sura ya tatu na kuileta Jumatano. Hadi leo, Alhamisi, hajaileta. Kuhusu gharama za picha hatujakubaliana. Jumatatu ijayo nitampelekea mhasibu hesabu ili alipe.»

Neno «hajaileta» halikuwamo katika barua ya kwanza. Lilikuwa limefichwa na «angerekebisha kesho», na jopo zima lingeendelea kuingoja Ijumaa.