Neno "Shika" Linavyofika Ubongoni: Safari ya Sauti Ndani ya Sikio

Maelezo haya yalisomwa mbele ya wakazi katika baraza la afya. Yanachapishwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.



Mama mmoja anauza nyanya sokoni. Mteja ameshalipa na kuanza kuondoka, akisahau chenji yake. Mama anamwita, "Shika!" Mteja anageuka na kunyoosha mkono. Tangu neno litoke mdomoni hadi mteja ageuke, haikupita hata sekunde moja. Lakini katika muda huo mfupi neno limepita kwenye hewa, likapita kwenye ngozi, likapita kwenye mifupa, likaingia majini, na mwisho likawa umeme.

Mazungumzo ya leo yanalifuata neno hilo hatua kwa hatua. Anayejua njia ya sauti anaweza kukisia njia hiyo imekatika wapi, na mahali ilipokatika ndipo panapoamua kama usikivu utarudi au hautarudi.

Sikio la nje: mlangoni

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Mama anaposema "Shika", hewa iliyo mbele ya mdomo wake inasukumwa, nayo inasukuma hewa inayofuata, na mtikisiko unasafiri kwa kasi ya takriban mita 340 kwa sekunde. Sehemu ya sikio inayoonekana kwa nje inaukusanya mtikisiko huo. Mikunjo yake humsaidia mtu kujua kama sauti inatoka mbele au nyuma, juu au chini.

Kutoka hapo sauti inaingia kwenye tundu. Kwa mtu mzima tundu hilo lina urefu wa kama sentimita 2.5, na mwisho wake umezibwa na utando mwembamba unaoitwa ngoma ya sikio. Nta hutengenezwa karibu na mlango wa tundu, nayo husogea yenyewe polepole kuelekea nje. Mtu anayechokoa sikio kwa kijiti cha pamba, njiti ya kiberiti au ufunguo huirudisha nta ndani na kuishindilia kwenye ngoma. Wengi wanaolalamika kuwa sikio limeziba baada ya kulisafisha wameliziba wenyewe.

Sikio la kati: mifupa mitatu

Ngoma inapotikisika, sauti inakutana na kikwazo kikubwa. Sikio la ndani limejaa majimaji, na sauti iliyo hewani haipendi kuingia majini. Aliyewahi kupiga mbizi anajua kwamba kelele za wenzake walio ukingoni hupotea mara kichwa kinapozama. Sauti ya hewani inapogonga maji, karibu nguvu yake yote hurudi ilikotoka. Kinachoingia ni sehemu ndogo sana, kama moja kati ya elfu.

Ndiyo maana nyuma ya ngoma kuna chumba kidogo chenye hewa na mifupa mitatu iliyoungana, ambayo imepewa majina kwa maumbo yake: nyundo, fuawe na kikuku, yaani kile chuma ambacho mpanda farasi hukanyagia. Kikuku kina urefu wa kama milimita 3 na ndicho mfupa mdogo kuliko yote mwilini. Nyundo imeshikana na ngoma, na kikuku kimekaa kwenye kidirisha cha sikio la ndani.

Kazi yake inaeleweka kwa kufikiria viatu. Mtu mwenye viatu bapa akikanyaga udongo laini, hazami. Mwenye kisigino chembamba huutoboa udongo ule ule kwa uzito ule ule, kwa sababu uzito wote umekusanyika mahali padogo. Ngoma ya sikio ina eneo linalozidi lile la kidirisha kwa karibu mara 17. Nguvu iliyopokewa na ngoma nzima inakandamizwa kwenye kidirisha hicho, na mifupa huongeza kidogo kwa kufanya kazi kama wenzo. Msukumo unaofika kwenye majimaji huwa umekuzwa kama mara 20. Sasa sauti inaweza kuingia.

Lakini chumba hiki lazima kiwe na hewa. Hewa huletwa na mfereji mwembamba unaotoka nyuma ya pua, nao hufunguka mtu anapomeza mate au kupiga miayo. Abiria anayeteremka kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu huhisi masikio yameziba. Akimeza mate, mfereji hufunguka, hewa ya pande mbili za ngoma husawazika, na masikio huzibuka.

Sikio la ndani: kutoka majini hadi umeme

Nyuma ya kidirisha kuna mrija uliojikunja kama gamba la konokono, mizunguko miwili na nusu. Ungenyooshwa ungekuwa na urefu wa kama milimita 35. Ndani yake, kuanzia mlangoni hadi kileleni, umetandazwa utando. Mlangoni utando huo ni mwembamba kwa upana na umekaza. Kuelekea kileleni unapanuka na kulegea. Sauti nyembamba hutikisa zaidi sehemu ya mlangoni, na sauti nzito hutikisa zaidi sehemu ya kileleni. Mwanasayansi Georg von Békésy alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1961 kwa kueleza jinsi wimbi linavyosafiri humo.

Kwa hiyo neno "Shika" linagawanywa. Mlio wa "sh", ambao ni mwembamba, unatikisa karibu na mlango. Uzito wa "i" na "a" unatikisa ndani zaidi.

Juu ya utando huo zimepangwa seli zenye vinyweleo, kama 15,000 katika kila sikio. Vinyweleo vikiinama, seli hufunguka na kutoa ishara ya umeme. Neva ya usikivu huichukua ishara hiyo hadi kwenye shina la ubongo. Huko habari za masikio mawili hulinganishwa. Sauti inayotoka kulia hufika sikio la kulia mapema kidogo, tofauti ambayo haifiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, lakini inatosha kumfanya mteja wa nyanya ageukie upande sahihi. Mwisho ishara inafika sehemu ya ubongo iliyo usawa wa masikio, na hapo ndipo umeme unapoeleweka kuwa ni neno.

Njia inapokatika

Fikiria watu wawili wasiosikia "Shika" vizuri.

Wa kwanza ni mtoto wa miaka minne. Mfereji wa hewa wa mtoto ni mfupi na umelala zaidi kuliko wa mtu mzima, kwa hiyo mafua yanauziba kwa urahisi. Chumba cha mifupa kinajaa ute, na mifupa inatikisika kama iliyozama kwenye uji. Mara nyingi mtoto hasikii maumivu yoyote. Anaongeza sauti ya televisheni, haitiki akiitwa kwa nyuma, na nyumbani anaonekana mkaidi. Kwake yeye neno zima limepungua sauti, lakini ukilisema kwa nguvu analielewa. Sikio la ndani liko salama. Mara nyingi ute huu huisha wenyewe katika miezi mitatu, na ukikaa zaidi ya hapo mtoto apelekwe kwa daktari wa masikio, kwa sababu huo ndio umri wa kujifunza kusema. Sikio likitoa usaha, asisubiri: apelekwe kituo cha afya, na asitiwe mafuta wala maji ndani.

Wa pili ni mwendesha posho mill aliyefanya kazi miaka kumi na tano bila kuziba masikio. Ngoma yake ni nzima na mifupa yake inatikisika vizuri. Zilizokufa ni seli zenye vinyweleo zilizo karibu na mlango wa konokono, zinazopokea sauti nyembamba. Kelele kwa kawaida huanza kuharibu sehemu inayopokea sauti za karibu hezi 4,000. Yeye husikia "ika" tu. Hajui kama ameambiwa shika, fika au pika. Husema, "Nasikia, lakini sielewi." Akipigiwa kelele, "ika" inakuwa kubwa zaidi, lakini "sh" bado haionekani ilipo. Seli hizi kwa binadamu hazioti tena. Kifaa cha kusaidia kusikia kitamfaa, lakini hakitamrudishia alichopoteza.

Kabla ya kufika hapo alipewa onyo mara nyingi. Jioni baada ya kazi masikio yalilia "ngiii" na sauti za watu zilikuwa kama zinatoka nyuma ya blanketi, kisha asubuhi alikuwa sawa. Kipimo rahisi cha kelele ni hiki: kama watu wawili waliosimama umbali wa mkono mmoja wanalazimika kupaza sauti ili waelewane, mahali hapo pana kelele ya kuharibu masikio. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 kuhusu kelele kazini haziruhusu mfanyakazi akabiliwe na wastani unaozidi desibeli 90 kwa saa nane. Hata desibeli 85 kwa saa hizo, kila siku kwa miaka, huweza kuharibu masikio.

Jaribio la kuvuma

Kila mmoja azibe sikio lake moja kwa kidole, afunge mdomo, kisha avume: "mmmm". Sauti itahamia upande ulioziba. Sababu yake ni kwamba mvumo unafika sikio la ndani kupitia mifupa ya kichwa, na tundu lililozibwa halipitishi sauti kutoka nje wala haliruhusu mvumo huo utoke.

Mtu ambaye sikio lake moja limepungua usikivu anaweza kuvuma hivyo bila kuziba chochote. Mvumo ukisikika zaidi kwenye sikio baya, huenda tatizo ni nta, ute au ngoma. Ukisikika zaidi kwenye sikio zuri, huenda tatizo liko kwenye konokono au neva. Daktari hufanya jambo hilo hilo kwa chuma cha mtetemo anachokiweka kwenye paji la uso. Jaribio la nyumbani halichukui nafasi ya kipimo cha hospitali, na halifai ikiwa masikio yote mawili yamepungua sawasawa.

Faida yake kubwa iko hapa. Mtu akiamka asubuhi sikio moja halisikii, bila maumivu wala mafua, wengi humwambia ni nta, angoje. Ikiwa mvumo unakwenda kwenye sikio zuri, huenda neva au konokono imepata dharura. Dawa zake husaidia zaidi zikianza katika siku za kwanza, na baada ya wiki kadhaa matumaini hupungua sana. Mtu huyo aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mvumo umemchanganya, na aseme wazi: "Sikio hili lilikuwa linasikia jana."